Wino na mafuta kwenye kochi la ngozi: doa litoke, ngozi ibaki

Juma hili tunajibu swali la mama mmoja wa Mugumu, wilayani Serengeti, ambaye alituomba tufike kwake tuliangalie kochi lake la ngozi kabla ya wageni wa posa ya binti yake. Kochi hilo la watu watatu lilinunuliwa kwa bei ya ng'ombe wawili, na sasa lilikuwa na mambo matatu. Mkono wake mmoja ulichorwa kwa kalamu na mjukuu siku mbili kabla ya sisi kufika. Juu ya kiti kulikuwa na doa la mafuta ya sambusa la usiku uliopita. Na sehemu ya juu ya kuegemea, pale vichwa vinapokaa, ngozi ilikuwa nyeusi, inanata, na imeanza kubanduka.

Jambo hili la tatu ndilo lililoleta maneno ndani ya nyumba. Baba mwenye nyumba aliamini kwamba binti wa kazi ndiye aliyeiharibu ngozi kwa kuisugua na sabuni ya mche, na alikwisha azimia kumkata mshahara. Binti mwenyewe alikiri kwamba alitumia sabuni hiyo kila Ijumaa, lakini akasema hakujua kama kuna kosa. Tutaeleza kwanza namna ya kuyatoa madoa yale mawili, kisha tutalirudia suala la binti, kwa sababu jibu lake limo ndani ya ngozi yenyewe.

Ijue ngozi kabla ya kuishika

Ndugu msomaji, makochi mengi yanayouzwa mijini mwetu kwa jina la ngozi si ngozi. Ni kitambaa kilichopakwa plastiki na kukandamizwa ili kiwe na vinyweleo vya bandia. Fungua zipu ya mto wa kukalia, au pindua ukingo ulio chini ya kochi, uangalie upande wa nyuma. Ukiona nyuzi zilizofumwa kama za shuka au fulana, hiyo ni ngozi ya bandia. Ukiona manyoya mafupi mafupi, laini, yasiyo na mpangilio, kama upande wa ndani wa kiatu cha ngozi, hiyo ni ngozi ya mnyama. Kochi la mama yule lilikuwa la ngozi kweli katika sehemu za kukalia, kuegemea na mikononi, na la bandia mgongoni na ubavuni. Huu ni mtindo wa kawaida wa viwanda, kwa hiyo mtu asiangalie sehemu moja akahukumu kochi zima.

Jaribio la pili ni la tone la maji. Weka tone moja mahali pasipoonekana, usubiri dakika tano. Tone likibaki limesimama kama umande juu ya jani la mgomba, ngozi hiyo imepakwa rangi na juu yake utando mwembamba wa kuilinda. Tone likizama na kuacha alama nyeusi, ngozi hiyo iko wazi, haina utando. Ngozi iliyo wazi inywe poda kavu tu kama tutakavyoeleza, wala isiguswe kwa spiriti, kwa kuwa wino na rangi ya ngozi vitaondoka pamoja. Kochi la Mugumu lilikuwa na utando, kama yalivyo mengi ya majumbani.

Utando huo ndio unaopaswa kuwa akilini mwetu muda wote wa kazi. Sisi tuliokulia baina ya wafugaji wa Tarime na Serengeti tumezoea ngozi ya ng'ombe iliyokaushwa juani, ambayo hulainishwa kwa kupakwa mafuta. Ngozi ile haina kitu juu yake, hivyo mafuta huingia hadi ndani. Ngozi ya kochi imekwisha kulainishwa kwa mafuta yake kiwandani, kisha ikafungwa kwa rangi na utando. Kinachoguswa na mikono yetu ni utando, na chini yake ndipo ilipo ngozi. Samli ikipakwa juu ya kochi haifiki kule ilikokusudiwa. Hukaa juu, hunasa vumbi, huvunda, na polepole huulainisha utando hadi unate.

Mafuta hutangulia

Palipo na doa la mafuta na doa la wino, tuanze na mafuta. Mafuta mapya bado yanatembea, na kila saa inayopita yanatafuta mshono au ufa wa kuingilia. Kwanza lazwe kitambaa kikavu cha pamba juu ya doa na kibonyezwe kwa kiganja, bila kusugua, kwani kusugua hulitanua. Kibadilishwe upande mpaka kisitoke tena na alama.

Kisha doa lifunikwe kwa poda ya watoto isiyo na rangi, au kwa chaki nyeupe iliyosagwa ikawa laini. Unene wake uwe kama wa kidole kidogo kilicholazwa. Poda ile ina nafasi ndogondogo baina ya chembe zake, na mafuta huvutwa kwenye nafasi hizo kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa kandili. Kazi hiyo huenda taratibu, hivyo poda iachwe usiku mzima. Unga wa muhogo nao unaweza kufanya kazi hiyo, ila utaita sisimizi na mende, na ukilowa utaganda kwenye mishono. Asubuhi poda ipanguswe kwa brashi laini. Ikiwa imegeuka na kuwa ya njano au yenye unyevunyevu, doa bado lina mafuta, basi iwekwe nyingine. Ikitoka nyeupe na kavu kama ilivyowekwa, poda imekwisha kazi yake.

Kwa mama yule poda ya usiku wa kwanza ilitoka imeshikana vipande vipande. Ya usiku wa pili ilitoka kavu, na pakabaki kivuli chepesi kilichoondoka kwa kuoshwa.

Kuosha nako kuna kipimo chake. Chukua lita moja ya maji ya uvuguvugu, utie kijiko kimoja cha chai cha shampuu ya watoto, kisha uyapige kwa mkono mpaka yatoe povu jingi. Kinachotumika ni povu, wala si maji. Kitambaa laini kichovywe kwenye povu na kukamuliwa hadi kikibonyezwa kiganjani kisiache tone. Kipande kizima kipanguswe, kutoka mshono hadi mshono, kwa sababu ukiosha pale penye doa peke yake utaacha duara linaloonekana likikauka. Kitambaa cha pili cha maji matupu, kilichokamuliwa vilevile, kiondoe povu, na cha tatu kikavu kimalize. Kochi likauke kivulini, mbali na dirisha lenye jua na mbali na jiko la mkaa. Joto la haraka huikausha ngozi kupita kiasi, na hapo nyufa huanza.

Baadhi ya wasomaji watauliza kwa nini isiwe sabuni ya mche au ya unga, ambazo hutoa mafuta upesi zaidi. Sababu ni uchachu. Katika kipimo cha wataalamu ambacho 7 ni maji safi, ngozi iliyotengenezwa kiwandani huwa karibu ya 4 au 5, yaani ina uchachu unaokaribia ule wa mtindi. Sabuni ya mche hufika 9 au 10, upande wa pili kabisa, na jiki huipita. Kila inapopita hulegeza kile kinachoshikilia mafuta ya ndani ya nyuzi za ngozi na huufifisha utando. Mara moja haionekani. Baada ya miezi kadhaa ngozi huwa ngumu na kavu kama karatasi ya mfuko wa saruji.

Wino wa kalamu

Wino wa kalamu ya kawaida ya shuleni una asili ya mafuta. Mgunduzi László Bíró, Mhungaria aliyeiandikisha kalamu ya aina hii mwaka 1938, alitafuta wino mzito utakaokauka haraka usichafue karatasi, na wino wa jamii hiyo ndio tulionao hadi leo. Kwa hiyo maji hayaupati. Wino wa kalamu za jeli ni wa maji. Namna ya kutofautisha ni kugusa ncha ya mstari kwa pamba iliyolowa maji. Rangi ikihama, ni jeli, na povu la shampuu huenda likatosha. Isipohama, ni wino wa mafuta, na hapo inahitajika spiriti.

Spiriti tunayoikusudia ni ile ya duka la dawa, ya asilimia 70, inayotumika kusafishia ngozi ya mgonjwa kabla ya sindano. Tina, petroli, mafuta ya taa na dawa ya kuondolea rangi ya kucha hazifai kabisa, kwani huweza kuuharibu au kuuyeyusha utando upesi. Hata spiriti yenyewe huuyeyusha, ila kwa taratibu. Ustadi wote umo katika kuupa wino muda wa kuyeyuka bila kuupa utando muda huo.

Jaribu kwanza chini ya kochi, kwenye ngozi ya aina ileile. Chovya kijiti cha pamba cha kusafishia masikio, ukikamue kwenye ukingo wa kifuniko cha chupa hadi kiwe na unyevu tu, kisha ukiviringishe juu ya ngozi mara moja. Subiri pakauke. Pakibaki na mng'ao wake wa mwanzo, endelea. Pakififia au pakinata, acha.

Juu ya mstari wa wino, kijiti kiviringishwe kufuata urefu wa mstari, wala kisisuguliwe kwa kwenda na kurudi, kwa sababu kusugua huusambaza wino ukawa wingu la buluu. Kila kipito kitumie kijiti kipya, au upande mpya wa kijiti. Baada ya kila kipito pakaushwe kwa kitambaa na kuachwa dakika moja. Na kila mara pamba iangaliwe, kwani ndiyo shahidi. Ikitoka na buluu, inatoa wino. Ikitoka na rangi ya kochi, inatoa kochi, na kazi isimame hapo hapo hata kama mstari bado unaonekana. Kochi jeusi lenye wino mweusi halitoi ushahidi huo, hivyo vipito visizidi vitatu.

Kwenye mkono wa kochi la Mugumu kulikuwa na mistari saba. Mitano ilikuwa myembamba, na iliondoka kwa vipito viwili au vitatu. Wa sita ulitaka sita. Wa saba mtoto aliukandamiza kwa nguvu zake zote, na baada ya kipito cha nne pamba ilianza kuonyesha kahawia. Tukaacha. Mama akasema, "Ustadhi, umebaki kidogo tu, malizia." Tukamwonyesha pamba. Mstari uliobaki ni kivuli cha buluu hafifu kisichoonekana na mtu aliyesimama. Kama tungeendelea, pangebaki alama nyeupe ya ngozi iliyovuliwa rangi, ambayo mgeni angeiona kutoka mlangoni.

Wino unapokaa siku nyingi, rangi yake huzama ndani ya utando wenyewe na kuwa sehemu yake. Haukai tena juu ya kitu ambacho ungeweza kupanguswa. Doa la mwezi mzima hutoka kwa kuuondoa utando na kuupaka upya, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye rangi maalumu ya ngozi. Kwenye ngozi ya bandia wino huzama upesi zaidi, na spiriti huifanya plastiki iwe ngumu na kupasuka. Huko kipito kimoja cha haraka kinatosha, kisha povu, kisha kuridhika na kilichobaki.

Pale spiriti ilipopita, utando huwa umepungukiwa. Pakisha kauka kwa saa moja hivi, pakwe krimu ya kutunzia makochi ya ngozi, ile nyeupe iliyotengenezwa kwa maji. Kiasi cha sarafu moja kinatosha kipande kizima. Ipakwe kwa kitambaa, iachwe nusu saa, kisha ing'arishwe kwa kitambaa kikavu. Ikikosekana madukani, kochi liachwe bila kitu. Mafuta ya nazi, mafuta ya mgando na samli si mbadala wake. Rangi ya viatu pia si mbadala, na mwenye kanzu nyeupe akikalia kochi lililopakwa rangi ya viatu atajua sababu akifika msikitini.

Suala la binti

Sasa turudi kwenye sehemu ya vichwa. Tulimwomba baba aketi mahali pake pa kila siku. Kisogo chake kiliangukia katikati ya baka la kwanza. Mama akaketi upande wa pili, naye akaangukia baka la tatu. Baina ya mabaka hayo ngozi ilikuwa imefifia na kavu kidogo, lakini utando wake ulikuwa mzima, haunati wala kubanduka. Tukamwuliza binti kama sabuni yake ilikuwa ikipita kwenye mabaka peke yake. Akasema ilipita juu kote, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Tukamweleza baba hivi: "Mzee wetu, sabuni imepita kote sawasawa, na athari yake ipo kote sawasawa, nayo ni huku kufifia. Huku kubanduka kuko mahali pa vichwa vitatu tu." Mafuta ya nywele na jasho la kichwa huingia kwenye utando kila siku na kuulainisha. Ukisha lainika hunata, kisha huachana na ngozi. Kazi hiyo huchukua miezi mingi na huanza bila kuonekana. Sabuni ya mche ilikuwa na hatia yake, nayo ni ukavu ulioenea, lakini kubanduka hakukutoka mkononi mwa binti. Baba alikaa kimya, akajipangusa kisogo, akautazama mkono wake. Habari ya mshahara haikutajwa tena, na tunaamini hesabu hiyo imefungwa.

Baka la namna hii lina mpaka wa matibabu. Ukiligusa kwa kidole na likawa jeusi tu lakini gumu, povu na poda vitumike kwa zamu mara moja kwa juma, kwa majuma matatu au manne, nalo litapungua. Ukiligusa likanata, au utando ukisogea chini ya kidole, usilioshe tena, kwa sababu kila kitambaa kitaondoka na kipande. Hapo ni fundi, au ni kufunika.

Na kufunika si jambo la aibu. Vile vitambaa vya kufuma ambavyo mama zetu walivitandaza juu ya migongo ya makochi vilikuwa na kazi hii hasa. Uingereza katika karne ya 19 wanaume walipaka nywele mafuta yaliyopewa jina la mji wa Makassar, ulioko Indonesia ya leo, na wenye nyumba wakaanza kufunika viti vyao kwa vitambaa ambavyo jina lake kwa Kiingereza maana yake ni kizuia-Makassar. Kitambaa kikifuliwa kila juma, mafuta huishia kwenye kitambaa.

Kwa nyumba zetu za Tarime na Serengeti tunaongeza neno moja kuhusu kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba. Hewa ikikauka, ngozi nayo hupoteza unyevu wake, na jua la dirishani huuchosha utando. Kochi lisogezwe lisipigwe na jua, na vumbi lipanguswe mara moja kwa juma kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Ufa ukishatokea haufungwi na krimu wala mafuta, kwa kuwa nyuzi zimekwisha katika. Mama wa Mugumu amefuma vitambaa vitatu, amehamisha kochi hadi ukuta wa kaskazini, na sabuni ya mche imerudi kwenye beseni la nguo.